Jokofu la Chanjo Lililofundishwa Kulia

Karatasi ya joto iliyobandikwa juu ya jokofu la chanjo katika kituo kimoja cha afya mkoani Njombe ilikuwa safi kabisa. Saa mbili asubuhi nyuzi 3.5, saa kumi jioni nyuzi 5. Kesho yake asubuhi 3, jioni 5.5. Mwezi mzima hapakuwa na namba hata moja iliyotoka nje ya mpaka unaotakiwa, yaani kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na kila siku ilikuwa na saini ya muuguzi. Mkaguzi yeyote angeipitisha.

Aliyeanza kuishuku ni fundi sanifu wa maabara wa kituo hicho, ambaye ndiye pia hutengeneza kila kinachoharibika pale, kuanzia darubini hadi taa ya chumba cha kujifungulia. Asubuhi moja ya Juni alimsaidia muuguzi kuhesabu vichupa, akaiona chupa ya maji ambayo huwekwa chini ya vikapu ili kutuliza joto la jokofu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya barafu vikielea. Kipimajoto kilichokuwa kwenye kikapu cha juu kilisoma nyuzi 3.

“Sista, haya maji yameganda saa ngapi?” aliuliza.

Sista hakujua, na hakuwa na namna ya kujua. Kati ya saa kumi jioni na saa mbili asubuhi kuna saa 16 ambazo hakuna mtu anayelitazama jokofu. Kituo kilikuwa na kifaa cha kurekodi joto kwa siku 30, kile ambacho vituo vingi hupewa, lakini muda wake wa matumizi ulikuwa umekwisha na kipya hakijafika. Hata kingekuwa kizima, kifaa kile huandika yaliyotokea na kuonyesha alama kwenye kioo chake. Mlinzi aliyekaa nje na blanketi hawezi kuiona alama hiyo.

Fundi huyu ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu kifaa alichotengeneza si kifaa kilichoidhinishwa, na hataki kionekane kama ni agizo la ofisi. Nitamwita fundi, kama wenzake wanavyomwita.

Watu wengi wakisikia chanjo imeharibika hufikiri joto: umeme umekatika, barafu imeyeyuka, dawa imepata moto. Joto kweli huharibu, lakini joto lina shahidi. Kwenye vichupa vingi vya chanjo pana kibandiko chenye duara la rangi na mraba mweupe katikati. Kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, mraba huo huzidi kuwa mweusi, na ukifikia rangi ya duara, kichupa hakitumiki tena. Muuguzi anaona kwa macho yake.

Baridi kali haina shahidi wa aina hiyo. Kibandiko kile hakibadiliki chanjo ikiganda. Na kuganda hakuziumizi chanjo zote sawasawa: ile ya matone ya polio huvumilia, na chanjo ya surua na ya kifua kikuu, ambazo huja kama unga mkavu, nazo huvumilia kabla hazijachanganywa. Zinazoumia ni zile za maji zenye chumvi ya alumini ndani yake, kama pentavalenti anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ile ya homa ya ini, ya pepopunda, na ile ya saratani ya mlango wa kizazi wanayopewa wasichana. Alumini ndiyo inayobeba viini vya chanjo na kuushtua mwili uvitambue. Ikiganda, chembe zake hushikamana, na hata barafu ikiyeyuka haziachani tena, kama maziwa yaliyokatika yasivyorudi kuwa maziwa. Mtoto atachomwa, atalia, kadi yake itajazwa, na kinga atakayoipata itakuwa pungufu. Kuganda huku huanzia karibu nyuzi 0.5 chini ya sifuri.

Wala si jambo la Njombe peke yake. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la kitaalamu la chanjo ulionyesha kwamba, kutegemea utafiti, kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu au shehena zilizochunguzwa ziliiweka chanjo kwenye baridi ya kugandisha.

Jokofu la kituo hiki ni la sanduku, linalofunguliwa kwa juu, la aina inayofanya kazi kwa umeme au kwa gesi ya mtungi. Halina kompresa. Ubaridi wake hutokana na kupashwa moto: umeme au mwali mdogo wa gesi hupasha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko wa amonia hiyo ndio unaonyonya joto kutoka ndani. Likiwa kwenye umeme, kidhibiti joto hukata na kuwasha chenyewe. Likiwa kwenye gesi, ukali wa mwali huwekwa kwa mkono kwa kuzungusha kitasa, nao hubaki hapo hapo mpaka mtu aje kuuzungusha tena. Mchana wa Njombe mwali wa wastani unatosha tu kushindana na joto la chumba. Usiku wa kipupwe, nje kukiwa na baridi ya kuumiza vidole, mwali ule ule hauna cha kushindana nacho, na jokofu linazama taratibu. Asubuhi jua likitoka linapanda tena. Saa mbili, Sista anapofungua kifuniko, kipimajoto kinamwambia nyuzi 3.

Hapo fundi akaamua kwamba anachohitaji si kipimajoto kizuri zaidi. Vipimajoto vipo. Anachohitaji ni kitu cha kumwamsha mtu.

Vitu alivyovitumia vilitoka Kariakoo kwa basi, katika bahasha moja. Cha kwanza ni mikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja, ya aina ya ATmega328P, ikiwa imeshalehemiwa kwenye kibao kidogo kiitwacho Arduino Nano, kifupi kuliko kidole gumba. Haina kioo wala kibodi. Ina miguu ya chuma tu: mguu mmoja unasoma kilichoungwa nao, mwingine unatoa au kukata volti 5, na katikati kuna programu uliyoiandika wewe, inayojirudia bila kuchoka mpaka umeme uishe. Cha pili ni kihisi joto cha DS18B20, kilichofungwa ndani ya kifuko cha chuma kisichopitisha maji, chenye waya tatu: wa umeme, wa kurudisha na wa taarifa. Kati ya waya wa umeme na ule wa taarifa huwekwa rezista ya kilo-omu 4.7, na bila hiyo mawasiliano hayasimami. Cha tatu ni baza, kile kidude cheusi cha duara kinachopiga mlio kwenye microwave na kwenye pikipiki za umeme.

Baza ni za namna mbili na wauzaji huzichanganya. Moja hulia yenyewe ukiipa volti 5. Nyingine haitoi sauti ya maana mpaka mikrokontrola iitetemeshe mara elfu kadhaa kwa sekunde. Fundi alichagua ile ya kwanza, kwa hoja ambayo naona ni ya mtu aliyetengeneza vitu vingi: kitu cha dharura kiwe na sehemu chache za kukosea. Hakuiunga moja kwa moja kwenye mguu wa chipu. Mguu ule unafaa kutoa miliampea 20 hivi, na baza yake ilikula 30, kwa hiyo katikati akaweka transista ndogo ambayo chipu inaiamuru, nayo transista ndiyo inayobeba mzigo.

Kabla ya yote alikipima kihisi chenyewe. Alinunua viwili. Alisaga barafu ya maji safi, akaijaza kwenye chupa ya chai, akaongeza maji kidogo mpaka nafasi kati ya vipande zikajaa, akakoroga, akatumbukiza vyote viwili na kusubiri. Barafu na maji vikikaa pamoja namna hiyo huwa kwenye nyuzi 0, hakuna ubishi. Kihisi kimoja kilisoma 0.3. Cha pili kilisoma karibu 2. Mtengenezaji wa DS18B20 anaahidi kosa lisilozidi nusu nyuzi, lakini sokoni bandia ni nyingi na kwa sura hazitofautiani. Kile cha pili kilitupwa, na kwenye programu ya kile cha kwanza akaandika kwamba kila somo lipunguzwe 0.3. Mtu asiyefanya kipimo hiki cha barafu anaweza kutengeneza king'ora kinachosubiri chanjo igande ndipo kilie.

Programu ya kwanza ilikuwa rahisi: joto likizidi 8, lia, likishuka chini ya 2, lia. Ililia siku ya kliniki, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila Sista alipoinua kifuniko, hewa ya chumba iliingia, kihisi kilichokuwa kinaning'inia hewani kikapanda hadi nyuzi 11, baza ikapasua masikio ya akina mama na watoto wao. Chanjo zenyewe zilikuwa salama, kwa sababu kichupa cha maji hakipandi nyuzi sita kwa dakika mbili. Kufikia jioni mtu alikuwa ameuchomoa waya, na fundi hakuuliza ni nani.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ugumu wote wa kazi hii. Kufanya baza ilie ni jambo la mchana mmoja. Kuifanya inyamaze pale ambapo hakuna mtu anayepaswa kufanya chochote ndiko kulikomchukua majuma.

Alianza na kihisi. Kinachotakiwa kupimwa ni joto la chanjo, si la hewa, na chanjo imo ndani ya kichupa cha glasi. Akachukua kichupa kitupu, akakitumbukizia kihisi, akakijaza maji ya glisirini na kukiziba kwa gundi, kisha akakilaza kwenye kikapu katikati ya pentavalenti. Sasa kifuniko kikifunguliwa kwa dakika mbili, somo linapanda kidogo tu na kurudi.

Kwa nini glisirini na si maji matupu? Maji yakifika nyuzi 0 husimama hapo mpaka tone la mwisho ligande. Kihisi kilichozama kwenye maji kingesoma 0 kwa saa nzima au zaidi, huku jokofu lenyewe limeshashuka chini ya hapo. Nusu glisirini ya duka la dawa na nusu maji haigandi hata kwenye friza ya nyumbani, kwa hiyo somo linaendelea kushuka pamoja na jokofu na linasema kweli.

Waya wa kihisi ulimpa shida nyingine. Ulikuwa wa mviringo na mnene kiasi, na ulipopita chini ya kifuniko uliacha upenyo ambao usiku ulitengeneza ukungu wa barafu. Kutoboa jokofu la serikali hakukuwa na mjadala. Alikata waya ule, kipande kinachopita kwenye mpira wa kifuniko akaweka waya bapa wa simu, akalehemu na kuziba. Kisha akaweka karatasi kati ya mpira na sanduku, akafunga kifuniko, akaivuta. Karatasi ikishikwa, mpira unaziba. Ilishikwa pande zote.

Baada ya hapo akaingiza subira kwenye programu. Moyo wake ni mistari hii:

```
bool bovu = (t == DEVICE_DISCONNECTED_C || t == 85.0);
t = t - 0.3;
if (!bovu && t > 1.0)  mwanzoBaridi = millis();
if (!bovu && t <= 8.0) mwanzoJoto = millis();

if (bovu) lia(KIHISI_BOVU);
else if (millis() - mwanzoBaridi >= 5UL * 60000UL) lia(BARIDI);
else if (millis() - mwanzoJoto >= 45UL * 60000UL) lia(JOTO);
else nyamaza();
```

Hapo `t` ni joto lililosomwa na `millis()` ni saa ya ndani ya chipu, inayohesabu sehemu za elfu za sekunde tangu iwashwe. Kila somo likiwa zuri, saa ya subira inaanza upya. Somo likiwa baya, saa haiguswi na inazidi kujaa. Ikifika dakika 45 upande wa joto, au dakika 5 upande wa baridi, baza inalia.

Tofauti hiyo ya 45 na 5 ameiweka kwa makusudi. Chanjo iliyofika nyuzi 9 kwa nusu saa haijafa, na vifaa rasmi vya kurekodi huhesabu saa 10 mfululizo juu ya nyuzi 8 ndipo viandike kosa. Upande wa baridi vifaa hivyo huandika kosa baada ya dakika 60 kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Lakini wakati huo jambo limeshatokea. Fundi alitaka kulia mapema, kwenye nyuzi 1, ili mtu awe na muda wa kuvaa viatu, kutembea na kuzungusha kitasa. Hakuchagua nyuzi 2, ingawa ndiyo mpaka rasmi, kwa kuwa jokofu lile hugusa 1.8 usiku mwingi wa Juni bila kwenda chini zaidi, na mlinzi anayeamshwa kila usiku bure ataukata waya usiku wa tano.

Mstari wa kwanza ndio anaoupenda zaidi. Waya wa kihisi ukikatika, programu hupata jibu la nyuzi 127 chini ya sifuri, ambalo kwenye msimbo linaitwa `DEVICE_DISCONNECTED_C`. Kihisi kikipoteza umeme kwa kitambo na kurudi, jibu lake la kwanza ni 85 kamili, namba ambayo kiwanda kimeiweka kama alama ya kwamba hakijapima bado. Vipimajoto vingi vya kujitengenezea huonyesha namba hizo kwenye kioo na kuendelea na maisha. Chake hulia kwa mtindo wa tatu, kwa sababu king'ora kilichokufa kimya kimya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: watu wameshaacha kulitazama jokofu wakikitegemea.

Upande wa umeme nao ulimfundisha. Kwa kuwa king'ora kinahitajika zaidi umeme ukikatika, alikiunga kwenye pawabenki iliyokuwa ikichajiwa ukutani. Alipoizima swichi ya ukuta kujaribu, taa ya kibao iliendelea kuwaka, akaridhika. Aliporudi baada ya kunywa chai ilikuwa imezimika. Pawabenki zimeundwa kwa ajili ya simu. Zikiona kinachovutwa ni kidogo mno huamini simu imejaa, na hujizima. Kibao chake kilivuta miliampea 20 hivi. Akaachana nayo, akachukua betri moja ya lithiamu ya 18650 kutoka kwenye tochi, akaiunganisha na kibao cha kuchajia chenye ulinzi na kingine cha kuinua volti kufikia 5. Betri hiyo ya miliampea-saa 2,000 inaliendesha jambo zima kwa siku mbili na zaidi bila umeme. Kulia kwenyewe kunakula zaidi, lakini king'ora kinacholia siku mbili mfululizo kina tatizo ambalo betri haitalitatua.

Ilibaki sauti. Baza ndani ya chumba cha chanjo, mlango umefungwa, haisikiki kwenye kibanda cha mlinzi. Fundi alivuta waya mwembamba kupitia dirishani hadi kibandani na kuiweka baza pale, karibu na redio. Ni volti 5 tu, haumpigi mtu shoti hata ukichubuka. Akaweka kitufe cha kunyamazisha kinachodumu nusu saa, kisha kama hali haijabadilika baza inaanza tena. Na kwa kuwa mlinzi hana kioo cha kusoma, sauti zenyewe ndizo zinazozungumza: milio miwili mirefu ni baridi, milio mifupi ya haraka ni joto, mmoja mmoja wa mbali mbali ni kihisi kibovu. Alizibandika kwenye karatasi pamoja na namba ya simu ya Sista wa zamu, na kila jioni mlinzi hubonyeza kitufe cha kujaribia kabla hajawasha redio yake.

Mzee huyo mlinzi, nilipozungumza naye, alikuwa na malalamiko mamoja tu, kwamba milio miwili mirefu inafanana na ya lori linalorudi nyuma.

Jumamosi moja mwishoni mwa Juni yuniti za LUKU ziliisha mchana, na mwenye pesa za kununua nyingine alikuwa safarini. Sista aliwasha gesi. Jokofu lilikuwa limekaa saa kadhaa bila chochote na lilikuwa limepanda hadi 7.4, hivyo akaufungua mwali mkubwa ili lishuke upesi. Lilikuwa jambo sahihi kabisa kwa saa ile. Saa kumi na mbili jioni lilikuwa 6.9. Akasaini karatasi, akaenda nyumbani.

Kilichofuata kinajulikana kwa sababu chipu ile huhifadhi somo moja kila dakika kumi kwenye kumbukumbu yake ndogo isiyofutika umeme ukikatika. Haina saa ya ukutani. Fundi alihesabu kurudi nyuma tangu alipoiunga na kompyuta ya maabara asubuhi ya Jumatatu. Saa nne usiku ilikuwa 3.8. Saa sita, 2.5. Saa nane, 1.5. Kushuka kulikuwa kumepungua kasi lakini hakujakoma, nusu nyuzi kila saa. Saa tisa kamili ilikuwa 1.0, na dakika tano baadaye milio miwili mirefu ikasikika kibandani.

Mlinzi alibonyeza kunyamazisha, akampigia Sista.

“Mzee, usifungue kifuniko,” Sista alimwambia. “Zunguka nyuma, kitasa cha gesi kirudishe kwenye alama ndogo, kisha nipigie.”

Alikizungusha. Jokofu la namna hii halijibu papo hapo. Lilishuka hadi 0.6, likakaa hapo, kisha likaanza kupanda pole pole. Nusu saa ilipopita baza ililia tena, kama ilivyopangiwa, na mzee akainyamazisha tena. Saa kumi na moja na robo alfajiri ilipita nyuzi 1 ikaacha yenyewe. Saa mbili asubuhi Sista aliandika kwenye karatasi nyuzi 3.

Kwa kasi ile ya nusu nyuzi kwa saa, bila mlio, kichupa kingefika nusu chini ya sifuri kabla ya jua kuchomoza. Na karatasi ya ukutani huenda ingebaki safi vile vile.

Kwa kuwa baridi haikufika sifuri, hapakuwa na sababu ya kutupa chanjo. Hata hivyo Sista na fundi walichukua nafasi hiyo kufanya kile kipimo cha kutikisa, ambacho wengi hukisoma kwenye mafunzo na hawakifanyi. Unachukua kichupa kimoja cha chanjo ile ile, toleo lile lile, cha kutolewa sadaka. Unakiandika wazi kwamba hakitumiki, unakigandisha usiku kucha mpaka kiwe jiwe, kisha unakiacha kiyeyuke. Unakishika pamoja na kile unachokishuku, unavitikisa vyote viwili kwa nguvu, unaviweka mezani mbele ya mwanga. Kilichoganda huanza kutuama upesi: juu maji yanakuwa angavu, chini inajikusanya tope nyeupe. Kizima hubaki na ukungu sawasawa kwa muda mrefu zaidi. Unavitazama kwa nusu saa. Kichupa kutoka kikapuni kilibaki na ukungu wake, kile cha sadaka kilikuwa na tope robo saa tu baadaye.

Mganga mfawidhi alikuwa ameruhusu jambo hili tangu mwanzo kwa sharti kwamba karatasi ya asubuhi na jioni iendelee kujazwa kama kawaida. Mratibu wa chanjo wa wilaya alipokuja alisikiliza habari nzima, akabonyeza kitufe cha kujaribia, akaweka masharti yake mwenyewe. King'ora kisitumike kamwe kuamua kwamba chanjo ni nzima au ni mbovu. Hilo lina taratibu zake, za kifaa cha kurekodi, kibandiko na kipimo cha kutikisa. Na kisitengenezwe kingine kwa ajili ya zahanati za jirani, ambazo zilishaanza kuulizia, mpaka hiki kimekaa bega kwa bega na kifaa rasmi.

Kifaa rasmi kipya kimeshafika. Fundi amekifunga kwa raba kwenye kichupa cha glisirini, ndani ya kikapu kile kile. Katika majuma ya mwanzo viwili hivyo vimetofautiana kwa nyuzi 0.2 hadi 0.4 jokofu likiwa limetulia. Likiwa linashuka, cha fundi huchelewa kwa robo saa hivi kwa sababu ya glisirini. Anafikiria kupandisha kikomo cha baridi kutoka nyuzi 1.0 hadi 1.2 kufidia ucheleweshaji huo. Mlinzi ameshamwambia kwamba akifanya hivyo, na abadilishe ule mlio wa lori pia.